Ua wa Umeme Unapopoteza Makali

Ndovu haingii shambani kwa kuparamia waya. Akifika kwenye ua wa umeme huunyooshea mkonga kwanza, akaugusa, akaona unasemaje. Ukimpiga kwa volti elfu sita au saba, atarudi nyuma na huenda asiurudie kwa muda mrefu. Ukimtekenya tu, atakuwa amejifunza jambo. Pembe za ndovu hazipitishi umeme vizuri, na wako ndovu waliogundua hivyo wenyewe: hukamata waya kwa pembe wakaukata, au husukuma nguzo mpaka waya zote zilale chini. Kwa wakulima wa Laikipia, ambao mashamba yao yamepakana na ranchi na misitu, usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kumaliza mahindi ya msimu mzima.

Ndiyo maana ua unapolegea, mwenye shamba huikimbilia mashine. Enajaiza, kile kisanduku kinachotoa ule mlio wa ta, ta, ta, hufunguliwa kutoka ukutani na kupelekwa mjini kwa fundi. Fundi akiiweka mezani inapiga kama mpya. Inarudishwa nyumbani, inafungwa, na ua unabaki vilevile. Wengine hukata shauri kununua mashine kubwa zaidi. Ua huamka kwa majuma machache, kisha hulegea tena, kwa kuwa kilichokuwa kikila umeme bado kipo palepale.

Mara nyingi kinachokula umeme ni kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote pamoja: majani yaliyogusa waya, insuleta zilizopasuka, na athi mbovu. Vyote hushusha makali ya ua, lakini kila kimoja kina tabia yake, na anayezijua tabia hizo anaweza kukipata kwa siku moja akiwa na voltimita ya ua na subira. Tatizo ni kwamba wengi huanza kutafuta mahali pasipostahili kuanziwa.

Tuanze na jinsi pigo linavyotoka. Mashine huchukua umeme wa betri au wa stima ya nyumbani, ikaukusanya kidogo kidogo ndani ya kapasita, kisha ikauachilia wote kwa mkupuo kupitia transfoma inayoupandisha hadi maelfu ya volti. Pigo lenyewe ni fupi mno, halifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, halafu mashine hupumzika kwa sekunde moja au zaidi kabla ya kupiga tena. Pumziko hilo limewekwa na kanuni za usalama za kimataifa, ili mtu au mnyama aliyeshika waya apate nafasi ya kuuachia.

Umeme huo ukishatoka lazima urudi ulikotoka. Hupita kwenye waya, ukaingia kwa mnyama, ukashuka kwa miguu yake hadi ardhini, ukasafiri ndani ya udongo, ukapandia kwenye rodi za athi na kurudi kwenye mashine. Njia hiyo ikikatika popote, hakuna pigo. Ndege hutua juu ya waya bila kudhurika kwa sababu hagusi ardhi. Na kila kitu kingine kinachounganisha waya na ardhi, liwe jani au ufa wa insuleta, ni njia nyingine ya umeme kurudi nyumbani kabla ya kumfikia ndovu. Ni kama bomba la kumwagilia lililotoboka mahali pengi: hakuna tundu moja linalolimaliza, lakini anayesubiri maji mwisho wa bomba hapati kitu.

Kabla ya kushika chombo chochote, fundi mzuri huuliza swali moja: ua huu unalegea saa ngapi?

Ukilegea alfajiri na mvua inaponyesha, kisha ukarudi kwenye hali yake jua linapokuwa kali, tuhuma ziko kwa majani na insuleta. Umande huyalowesha majani, na maji huingia kwenye nyufa ambazo zikikauka hazipitishi kitu. Ukiwa mzima wakati wa mvua, lakini kiangazi cha Januari na Februari mifugo na wanyamapori wanaupita bila wasiwasi, tazama athi, kwa sababu udongo mkavu hausafirishi umeme. Kwa ua wa sola lipo jambo jingine la kuangalia. Betri iliyochoka nayo huwa dhaifu alfajiri, baada ya kufanya kazi usiku kucha, na huonekana mzima saa nane mchana panela inapoichaji. Kwa hiyo betri ya sola hupimwa kabla jua halijachomoza. Ile ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi ikiwa haichajiwi. Ikishuka hadi 12.2 imebaki na nusu hivi. Chini ya 12 iko taabani, na usiulaumu ua kabla hujaishughulikia.

Nitaeleza kisa cha ua mmoja upande wa Rumuruti, kwa sababu ulikuwa na maradhi yote matatu kwa wakati mmoja, na kila moja lilikuwa limejificha nyuma ya mwenzake.

Ulikuwa na urefu wa kilomita tatu, ukizunguka mashamba ya majirani kadhaa waliochangia kuujenga. Mashine ilikuwa kwenye boma la mama mmoja, ndani ya kibanda cha mabati, ikitumia betri na panela ya sola. Ulipojengwa ulikuwa ukisoma volti 7,000. Asubuhi fundi alipofika, ulisoma 3,100 hapo penye mashine na 1,900 kule mwisho. Volti 1,900 ng'ombe mpole anaweza kuziheshimu, lakini ndovu hazimshtui. Mama alisema wamekuwa wakiupima kwa kuweka jani bichi la nyasi juu ya waya na kusikia unavyochoma mkononi. Jani hilo huonyesha kwamba umeme upo. Haliwezi kuonyesha kama ni volti elfu mbili au elfu saba, na kinga ya mazao iko katika tofauti hiyo.

Fundi alipima betri kwanza. Ilisoma 12.5 kabla ya jua kupanda, kwa hiyo ilikuwa salama. Kisha akazima mashine, akafungua ule waya unaoenda kwenye ua, akaacha ule wa athi mahali pake, akawasha tena na kupima kwenye tundu la kutolea umeme. Ilisoma 8,600.

"Mama, mashine yako haina ugonjwa," alisema. "Inapiga sawasawa. Umeme unaishia njiani."

Kipimo hiki kinachukua dakika mbili na kingewaokolea wengi nauli ya kwenda mjini. Mashine ikisoma vizuri ikiwa imetenganishwa na ua, iache ilipo. Ikisoma vibaya hata ikiwa peke yake, na betri ni nzima, hapo ndipo inapostahili kupelekwa kwa fundi.

Watu wengi wakifika hapa hushika panga na kuanza kufyeka. Fundi hakufanya hivyo. Alikwenda kupima athi, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa athi ndiyo inayodanganya kuliko yote.

Athi ikiwa mbovu na ua wenyewe ukiwa safi, voltimita inaweza kukuonyesha namba nzuri. Hakuna umeme mwingi unaosafiri wakati huo, kwa hiyo ubovu wa njia ya kurudi hauonekani. Ni pale mnyama anapogusa ndipo umeme unapotaka kurudi kwenye mashine na kukuta mlango mwembamba. Mnyama hupigwa kidogo tu, na wewe kesho yake unapima tena, unaona volti 6,000, unashangaa alipitaje. Athi mbovu ikikutana na ua wenye majani, mambo hugeuka. Umeme unaovuja kwenye majani nao unataka kupita kwenye mlango uleule, unakwama, na sehemu ya nguvu ya mashine inapotea hapo kwenye rodi badala ya kuwa kwenye waya. Ukifyeka bila kurekebisha athi, namba zitapanda na utadhani umemaliza kazi.

Kwa hiyo athi hupimwa ikiwa imebebeshwa mzigo. Unazima mashine, unakwenda kwenye ua angalau mita 100 kutoka kwenye rodi za athi, unaegemeza vyuma kwenye waya wenye umeme huku ncha zake zikiwa zimezama ardhini, kisha unawasha. Unaongeza vyuma, ukizima kila unapoongeza, mpaka ua usome chini ya volti 2,000. Hapo umeulazimisha umeme mwingi kupita ardhini kurudi kwenye mashine. Unarudi sasa kwenye rodi ya mwisho ya athi, unachomeka ncha ya ardhini ya voltimita kwenye udongo kama mita moja kutoka kwenye rodi, na kupima kati ya rodi na udongo. Athi nzuri kabisa haionyeshi kitu. Volti 200 au 300 zinavumilika. Zikizidi hapo, udongo unakataa kurudisha umeme.

Kule Rumuruti rodi ya mwisho ilisoma 900.

Ukitazama chini uliona kwa nini. Rodi zilikuwa tatu, zote zimepigwa ukutani mwa kibanda, chini ya ukingo wa paa. Mabati yalitokeza nje kuliko rodi, hivyo mvua ilikuwa ikizipita na udongo wake ulikuwa vumbi hata baada ya mvua. Zilikuwa zimeunganishwa kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye nyaya za nyumba, ukasokotwa tu kwenye chuma bila klampu. Fundi aliposhika kifundo kwenye rodi ya pili kikaachana mkononi mwake, na ndani kulikuwa na unga mweupe na kutu. Shaba na chuma kilichopakwa zinki vikigusana mahali penye unyevu hulana, na zinki ndiyo inayoliwa. Rodi mbili kati ya tatu zilikuwa hazifanyi kazi yoyote. Kwa kweli ua wa kilomita tatu ulikuwa ukitegemea rodi moja iliyosimama kwenye vumbi.

Rodi za athi zinapaswa kuwa za chuma kilichopakwa zinki, ndefu kama mita mbili, zikipigwa wima hadi zikaribie kumalizika, kila moja mita mbili au tatu kutoka kwa mwenzake. Tatu ndizo za chini kabisa. Mashine kubwa inahitaji zaidi. Waya unaoziunganisha uwe wa aina hiyohiyo ya chuma na ufungwe kwa klampu iliyokazwa. Na ziwe mbali na athi ya stima ya nyumbani, angalau mita kumi, ili mapigo ya ua yasiingie kwenye nyaya za nyumba.

Mahali penye unyevu pana thamani kuliko mahali palipo karibu. Fundi alichagua nyuma ya tangi la maji, ambako maji ya kufurika humwagika na nyasi hubaki kijani mwaka mzima. Akapiga rodi sita hapo. Kipimo kilishuka kutoka 900 hadi 200, na ua wenyewe, bila jani lolote kuguswa, ukapanda kutoka 3,100 hadi 3,800.

Ziko sehemu ambazo hata rodi kumi hazitatosha, kama penye mwamba au udongo wa mchanga uliokauka miezi mitatu. Hapo fundi hupitisha waya wa athi kwenye ua wenyewe, ukipishana na waya wenye umeme, ili mnyama anayejipenyeza ashike wote wawili na pigo lipite mwilini mwake bila kutegemea udongo. Mfumo huo una sharti lake: waya hizo mbili zisigusane kamwe, kwa hiyo zinahitaji kukazwa vizuri na kutazamwa mara nyingi zaidi.

Sasa zilibaki volti 3,800, na kilomita tatu za kutafuta.

Ua uliojengwa kwa kufikiri mbele huwa na swichi za kukatia njiani, ili sehemu moja iweze kutengwa na nyingine. Huu ulikuwa na mbili, moja kwenye kilomita ya kwanza na nyingine kwenye ya pili. Fundi alimwacha kijana penye mashine na voltimita, wakawa wanaelewana kwa simu. Alipokata kilomita ya mwisho, kijana akasoma 5,800. Alipokata na ile ya katikati, ikasoma 6,300. Maana yake ni rahisi: kilomita ya tatu peke yake ilikuwa ikila volti 2,000, ya pili 500 tu. Badala ya kukagua nguzo za kilomita tatu, sasa alikuwa na kilomita moja ya kukagua kwa makini. Ua usio na swichi unaweza kufanyiwa hivyo kwa kufungua viungo vya waya mashine ikiwa imezimwa, ila ni kazi ndefu, na gharama ya swichi mbili ni ndogo ukilinganisha na asubuhi zitakazopotea.

Swichi zote ziliporudishwa, alianza kutembea kutoka mwanzo wa kilomita ile ya mwisho akiwa na mita ya kutafutia hitilafu. Mita hii hutofautiana na voltimita. Yenyewe hupima ni umeme kiasi gani unapita kwenye waya, kwa ampea, na ina mshale unaoonyesha unaelekea wapi. Volti hazifanani sana na hivyo. Zinaposhuka zinashuka karibu ua mzima na hazikuambii kosa liko wapi. Ampea zinasema. Kwenye ua usiovuja, umeme unaopita ni kidogo tu. Penye kuvuja, umeme mwingi hukimbilia hapo, na ukishapita mahali hapo ghafla unakuwa kidogo.

Jinsi namba zinavyopungua ndiyo siri ya kazi yote. Majani huvuta kidogo hapa, kidogo pale, kwa hiyo ampea hupungua polepole unavyotembea, mteremko mrefu usio na ngazi. Insuleta iliyopasuka huvuta mahali pamoja, kwa hiyo ampea hukaa palepale nguzo baada ya nguzo, halafu zinaanguka mara moja.

Kwenye nguzo ya kwanza ya kilomita ile mita ilisoma ampea 14. Baada ya mita 300 ilisoma 10, ikiwa imeshuka taratibu njia nzima. Hapo kulikuwa na majani, na yalionekana kwa macho. Kisha ikakaa kwenye 10, 10, tena 10, hadi nguzo ya kona iliyo juu ya korongo. Nguzo iliyofuata ilisoma 2.

Kati ya nguzo hizo mbili hakukuwa na jani hata moja. Nguzo ya kona ilikuwa ya chuma, na waya ulikuwa umeshikwa na insuleta ya kaure, ile nene ya kubeba mvuto. Kwa mbali ilikuwa nzuri kabisa. Fundi alitoa mfukoni redio ndogo ya betri, akaiweka kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, akaisogeza karibu na nguzo. Redio ilianza kupiga "tak" kwa kila pigo la mashine, na ikazidi kila alipoisogeza kwenye kaure. Cheche ndogo inayoruka kwenye ufa hutoa kelele za redio, na hata sikio linaweza kuisikia pasipo upepo. Usiku wa giza ungeiona, kijicho cha buluu kinachofumba na kufumbua kila sekunde.

Mashine ilipozimwa na insuleta kufunguliwa, ufa ulionekana ukizunguka upande wa nyuma, mwembamba kama unywele, na kando yake mstari mweusi. Mstari huo ni muhimu. Umeme ukipita juu ya ufa mara nyingi huunguza uchafu na kuacha kaboni, na kaboni yenyewe hupitisha umeme. Insuleta ikifika hapo haivuji alfajiri tu. Inavuja hata saa saba mchana, na kuipangusa hakusaidii. Inatupwa. Iliyopasuka kwenye nguzo ya chuma ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa nguzo yenyewe imesimama ardhini kama rodi. Kwenye nguzo ya mti mkavu ufa huohuo unaweza kukaa miezi bila madhara, mpaka mvua ya kwanza iloweshe nguzo.

Insuleta za plastiki zina kifo kingine. Jua la Laikipia, penye mwinuko mkubwa, huzikausha mpaka zinapauka na kutoa unga mweupe ukizifuta kwa kidole. Muda si mrefu zinakatika. Nyingine huuawa siku ya kwanza na nyundo: msumari ukipigwa mno, plastiki hupasuka nyuma mahali asipoona mtu, au kichwa cha msumari hubaki karibu mno na waya. Na yako yale ya kubuni. Vipande vya bomba jeusi la maji na vya mpira wa tairi vimefungwa kwenye nyua nyingi kwa imani kwamba mpira hauruhusu umeme. Weusi wake huo unatokana na kaboni iliyochanganywa ndani, na kwa maelfu ya volti huvuja. Ukivikuta kwenye ua wako, vibadilishe kabla hujatafuta kosa lingine lolote.

Kaure mpya ilipofungwa, ua ulisoma 5,100 penye mashine. Yalibaki majani, na sasa ndipo panga lilipopata kazi yake.

Watu huuliza ni jani gani baya zaidi. Nyasi moja kavu haifanyi kitu, na nyasi nyembamba inayogusa waya mara nyingi huungua ncha ikajikata yenyewe. Mambo hubadilika nyasi zinapokuwa nyingi na zimelowa, maana hapo mashine haiwezi kuzikausha kwa kasi ya umande. Leleshwa ina ubaya wa kuchipua upesi kutoka kwenye kisiki. Uliikata Machi, Juni imerudi kwenye waya wa chini. Lakini kwenye ua huu mkosaji mkubwa alikuwa dungusi kakati, ile yenye majani mapana ya miiba ambayo imeenea sana Laikipia. Jani lake moja limejaa maji, halikauki hata kiangazi, na likilalia waya huwa njia ya ardhini mchana na usiku. Katika mita zile 300 kulikuwa na mashina manne yaliyougusa waya.

Yalikatwa mashine ikiwa imezimwa, na mtu akiwa amesimama penye swichi asije mwingine akaiwasha kwa bahati mbaya. Vipande vyake viliondolewa kabisa, kwa kuwa jani la dungusi kakati likiachwa chini huota mizizi. Nyasi zilifyekwa upana wa mita moja kila upande na kusombwa, zisibaki zikining'inia juu ya waya wa chini. Fundi akashauri pia waya huo wa chini ufungiwe swichi yake peke yake. Kazi yake ni kuzuia mbuzi na ngiri, ndovu hauhitaji, na mvua zinaponyesha nyasi zikawashinda wenye shamba unaweza kuzimwa kwa siku chache ili waya za juu zibaki na makali yake.

Jioni ile ua ulisoma 6,700 penye mashine na 6,300 mwisho. Volti 500 za kilomita ya katikati zilipatikana kwenye lango, ambako waya uliopita chini ya ardhi ulikuwa ule wa kawaida wa nyumbani. Ganda lake limetengenezwa kuzuia volti mia chache, na lilikuwa likivuja ndani ya udongo ambako hakuna jicho wala sikio la kulifikia. Kwa kupitisha umeme wa ua chini ya lango kuna waya wake maalumu wenye maganda mawili, na maduka yanayouza vifaa vya ua huwa nao.

Ikiwa ua wako umelegea, basi, usianze kwa kununua mashine. Itenganishe na ua uipime peke yake, kisha ukapige magoti kwenye rodi zako za athi uvute kila kifundo kwa mkono. Halafu tundika daftari penye mashine, uandike namba ya volti kila asubuhi kabla umande haujakauka na nyingine alasiri. Siku namba ya asubuhi itakaposhuka kwa volti 500 kuliko ya jana, ukague ua siku hiyohiyo, kwa maana ndovu huupima usiku.